Nusu ya Nyumba ya Diani

Mwaka niliopeleka posa yangu Samburu ndio mwaka ambao baba wa mchumba wangu aliomba mkopo kwetu. Ninasema kwetu, ingawa chama kile cha mikopo ya nyumba kilikuwa cha Wazungu na hakikuwa changu kwa namna yoyote. Nilikuwa msaidizi wa mkadiriaji wa thamani, na kazi yangu ilikuwa kushika upande mmoja wa utepe wa kupimia. Upande wa pili aliushika mkadiriaji mwenyewe, Mhindi mtu mzima aliyekwenda na mwavuli mweusi kiangazi na masika, na ambaye sikuwahi kumwona akicheka ndani ya nyumba ya mtu. Alisema ukicheka ndani ya nyumba, mwenyewe hudhani umeipenda, kisha hukasirika akisoma hesabu.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa uhuru. Ofisi yetu ilikuwa Mombasa, na kila tulipotakiwa kwenda kusini tulivuka feri ya Likoni, tukashika barabara ya vumbi hadi Diani au Msambweni, nyumbani kwetu. Mama yangu aliyekuwa Msambweni hakuipenda kazi hiyo. Alisema fedha inayozaa fedha ni haramu, na kwamba kushika utepe wake hakuko mbali na kuila. Nilimwambia ninapima kuta tu. Akasema nipime kuta za msikiti. Lakini mwisho wa mwezi nilipompelekea sukari, unga na mafuta ya taa, alivipokea na kuniombea dua nipate kazi nyingine.

Asubuhi moja mkadiriaji aliniita mezani pake. Alikuwa na maombi ya mkopo mbele yake.

"Kuna mtu wa Samburu," alisema. "Mfanyabiashara wa ng'ombe. Ana lori. Anataka kununua nyumba ya wageni Diani, ufukweni, kwa Mzungu mstaafu wa reli anayerudi kwao. Unamjua?"

Nilitazama jina. "Ninamjua, bwana."

"Unamjua kiasi gani?"

"Ninaposa kwake."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Amekubali?"

"Bado anafikiri."

"Basi nasi tutafikiri," alisema. "Utashika utepe. Hutaandika chochote, hutasema chochote kuhusu thamani, na mimi nitamweleza meneja sababu. Ukitaka kubaki ofisini, baki."

Sikutaka kubaki. Nilitaka kuiona nyumba ambayo huenda siku moja ningelala ndani yake kama mkwe.

Ni lazima nieleze kidogo habari za mzee huyo. Alikuwa Mduruma, Mwislamu, mtu wa nchi kavu kabisa. Alinunua ng'ombe na mbuzi kutoka kwa wafugaji wa Kinango na kuwauza kando ya barabara kuu ya Nairobi, pale Samburu, malori yanaposimama. Maisha yake yote alikuwa akitafuta maji, na maji aliyoyatafuta ni ya kunywa. Bahari hakuwa na haja nayo. Lakini alikuwa amepeleka mbuzi wa nyama Diani msimu mmoja wa Krismasi, akawaona Wazungu wa mashamba ya bara wamejaa kwenye vibanda vya makuti, wakilipa kwa usiku mmoja bei ya mbuzi, kisha asubuhi wanaondoka na kukiacha kibanda palepale, hakijaliwa. Biashara ambayo unauza kitu na kitu kinabaki ilimkaa kichwani. Mzungu wa reli aliposema anauza kwa shilingi elfu arobaini, mzee alimpa mkono.

Alikuwa amesikia kwamba chama chetu kinatoa sehemu nne kwa tano ya bei ya nyumba. Alisikia sawa. Wiki chache kabla, karani mmoja wa bandari, mtu aliyemfahamu, alikuwa amepewa sehemu nne kwa tano kununua nyumba ya mawe mjini Mombasa. Mzee akapiga hesabu yake: elfu arobaini, chama kitoe thelathini na mbili, yeye atangulize nane. Elfu nane alikuwa nazo. Kwa hesabu yake, jambo lilikuwa limekwisha.

Tulipofika Diani alikuwa akitungoja mlangoni na kanzu safi. Nilimwamkia shikamoo, akajibu marahaba huku akimtazama mkadiriaji. Alidhani, nadhani, kwamba kuwapo kwangu ni jambo jema.

Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri. Nikiwa mchumba ningesema ilikuwa nzuri sana. Ilikuwa nyumba kubwa moja na vibanda vitatu, kuta za mawe ya matumbawe, boriti za mikoko, mapaa ya makuti. Mbega walikuwa juu ya paa wakichomoa makuti kwa utulivu, kama watu walioajiriwa. Upande wa bahari palikuwa na nguzo za ua zilizosimama mchangani, na nyingine mbele yake zilizolala majini.

"Ua ulikuwa pale?" mkadiriaji aliuliza, akionyesha kwa mwavuli zile za majini.

"Ulikuwa pale," mzee alijibu. "Umesogea."

"Ua umesogea, au bahari?"

Mzee alifikiri. "Wamekutana," alisema.

Tulipima. Mkadiriaji aligonga boriti kwa kidole, ukatoka unga wa mchwa. Aliuliza kuhusu ardhi, akaambiwa ni ya kukodi kutoka serikalini, na miaka iliyobaki haikuwa mingi. Aliuliza wageni huja lini. Mzee alisema Krismasi na mwezi wa nane. Aliuliza huwa ni watu gani. Mzee alisema Wazungu wa mashamba ya bara.

"Na wao wanakwenda wapi siku hizi?" mkadiriaji aliuliza.

Mzee aligeuka kutazama nyuma. Mzungu wa reli alikuwa nyuma yetu akifunga vitabu vyake kwenye masanduku ya meli.

Kwenye gari, tulipokuwa tukirudi na tumekaribia Likoni, nilimuuliza mkadiriaji kama naruhusiwa kuuliza. Alisema kuuliza si kuandika.

"Nyumba ni nzuri," nilisema.

"Nzuri sana. Ningeishi pale mimi mwenyewe kama ningekuwa mwendawazimu." Aliendesha kidogo. "Sikiliza. Mimi siulizwi kama nyumba ni nzuri. Ninaulizwa maswali mawili. La kwanza, leo ingeuzwa kwa kiasi gani, ikiwa muuzaji hana haraka na mnunuzi hana wazimu. Ninasema elfu thelathini na mbili. Si arobaini. Chama hakikopeshi juu ya bei waliyopeana mikono. Kinatazama bei na thamani, kinachukua iliyo ndogo."

"Na la pili?"

"La pili, kama tutalazimika kuiuza sisi, siku mbaya, tutapata nini. Nyumba ya yule karani wa bandari ni ya mawe na bati, iko mjini, ana mshahara, na akishindwa kulipa kesho tutapata wanunuzi kumi mlangoni. Huenda tukapoteza kidogo, lakini sehemu yake moja kwa tano itatosha kufidia hicho kidogo. Hii ya Diani? Makuti huungua. Bahari inakula ua. Ardhi ni ya kukodi. Wageni wanapanda meli. Na kwenye mnada nani atakuja? Mnunuzi wa mnada hanunui nyumba, ananunua shida ya mtu, na hulipa bei ya shida. Ongeza riba ambayo haikulipwa, ongeza wakili, ongeza dalali. Kwa hiyo kadiri bei inavyoweza kuanguka, ndivyo tunavyotaka fedha za mnunuzi ziwe nyingi chini ya zetu. Zake ndizo huanguka kwanza. Zetu hukaa juu yake."

"Kiasi gani chini?"

"Nitamwambia meneja nusu. Nusu ya thelathini na mbili."

Nilihesabu kwa vidole chini ya utepe. Chama kingetoa elfu kumi na sita. Bei ilikuwa arobaini. Mzee alitakiwa kutanguliza ishirini na nne badala ya nane.

"Na kuna jambo jingine," mkadiriaji alisema tulipoingia foleni ya feri. "Mtu aliyeweka fedha zake nyingi ndani ya nyumba haachi funguo mezani kwetu akaenda zake. Aliyeweka kidogo, akiona mambo mabaya, huziacha."

Jibu la chama lilikwenda Samburu, na mzee alikuja Mombasa yeye mwenyewe. Aliingia ofisini na vumbi la barabara kuu mabegani. Hakunisalimu. Nilimwamkia mimi, akasema marahaba akiielekeza dirishani.

"Karani wa bandari," alimwambia mkadiriaji, "hana hata mbuzi. Mnampa nne kwa tano. Mimi nina ng'ombe zaidi ya mia mbili na lori. Mnanipa nusu. Tena si nusu ya bei, nusu ya mnachokisema ninyi."

"Si wewe tuliyekupima, mzee," mkadiriaji alisema. "Ni nyumba."

"Nyumba haikuomba mkopo."

Mkadiriaji alikubali kwamba nyumba haikuomba mkopo.

"Basi chukueni ng'ombe dhamana," mzee alisema. "Mia. Waandikeni. Mnipe thelathini na mbili."

"Hatuchukui ng'ombe."

"Kwa nini? Ng'ombe ni mali."

"Ni mali," mkadiriaji alisema kwa heshima. "Lakini hutembea. Nyumba tukiirudia baada ya miaka mitano tutaikuta mahali pake. Ng'ombe wako nitawarudia wapi?"

"Nyumba ya Diani ua wake umesogea," mzee alisema, "mwenyewe umeuona."

Ni mara moja tu nilimwona mkadiriaji akikaribia kucheka, na hata hapo aligeuka akatafuta mwavuli. Kisha alisema ndiyo, na hiyo ilikuwa sehemu ya sababu ya nusu.

Mzee alisimama. Mlangoni ndipo aliponitazama. "Kijana," alisema, "ulishika utepe?"

"Nilishika, mzee."

"Ulishika vibaya," alisema, akaenda.

Baada ya hapo posa yangu ilisimama. Hakuna aliyesema imekataliwa. Mjomba wangu alipotuma salamu, zilirudi salamu tu. Mchumba wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kwale, na alinitumia neno kwamba baba yake nyumbani ameacha kunitaja kwa jina na ananiita Nusu. Alisema niende Samburu Jumamosi, naye atakuwapo, nimweleze mzee kama mtu na si kama ofisi.

Nilimwambia mkadiriaji ninakwenda. Alisema uamuzi umekwishatolewa na umeandikwa, hivyo ninaweza kueleza chochote nitakacho, ila nisiahidi kitu.

Nilipanda lori lililobeba saruji, nikafika Samburu wakati wa adhuhuri. Mzee alikuwa kivulini mwa lori lake, amekaa kwenye kigoda, akitazama ng'ombe waliokuwa zizini. Mwalimu alituletea chai, kisha akakaa nasi, jambo ambalo baba yake aliliona na kuliacha.

Njiani nilikuwa nimetayarisha maneno. Niliona ni maneno mazuri. Nilifikiri, huyu ni mtu wa ng'ombe, basi nimweleze kwa ng'ombe.

"Mzee," nilianza, "mtu akija kwako kukopa fedha, akakuwekea dhamana ya fahali mnene, mwenye afya, wa bei ya mia mbili. Utampa kiasi gani?"

"Mia na hamsini. Mia na sitini, kama ninamjua."

"Na akikuwekea ng'ombe aliyekonda, kiangazi kimeingia, anakohoa, naye anasema bei yake ni mia mbili?"

Mzee aliweka kikombe chini taratibu. "Nyumba yangu inakohoa?" aliuliza.

"Hapana, mzee. Ninasema kwa mfano."

"Umekuja kutoka Mombasa, ukavuka nchi yote hii, kuniambia mbele ya binti yangu kwamba nyumba yangu ni ng'ombe anayekohoa."

"Bado si nyumba yako, baba," Mwalimu alisema.

Mzee akageuka kumtazama yeye. Nilishukuru, maana macho yake yalikuwa mazito. Mwalimu hakuinua sauti. Aliongea nami kama anavyouliza mtoto darasani, akitaka tarakimu.

"Chama kingempa baba fedha alizozitaka, angekuwa na deni la kiasi gani?"

"Elfu thelathini na mbili."

"Na nyumba ikiuzwa kwa nguvu, mwaka mbaya?"

"Hakuna ajuaye. Mkadiriaji anasema huenda ishirini na tatu, ishirini na nne."

"Basi chama kingepoteza elfu nane."

"Kingekosa elfu nane," nilisema. "Hakingezipoteza. Deni ni la aliyekopa, si la nyumba. Nyumba isipotosha, kilichobaki kinadaiwa kwake."

Mzee alisema, "Wangenidai wapi?"

Tulikuwa tumekaa mbele ya zizi, na ng'ombe wote walikuwa ndani.

"Yule Mhindi alisema ng'ombe hutembea," mzee alisema.

"Hatawataka wakiwa dhamana," nilisema. "Lakini ukishindwa kesi, dalali wa mahakama atakuja kuwatafuta. Na hawa hapa wanaonekana kutoka barabarani."

Lori moja lilipita likielekea Nairobi. Mzee alimwita mchungaji wake akamwambia awapeleke ng'ombe malishoni, ingawa jua lilikuwa bado kali.

"Basi nusu ni kwa faida yao au kwa faida yangu?" aliniuliza.

Nilitaka kusema kwa faida yako, maana nilikuwa ninaposa. Lakini Mwalimu alikuwa akinitazama. "Kwa faida yao," nilisema. "Wewe inakusaidia kwa bahati tu. Unakuwa na deni dogo."

"Angalau hukudanganya," alisema. "Hilo litasaidia kidogo."

Jumatatu yake alikwenda Diani peke yake, akamwambia Mzungu wa reli kwamba chama kimesema elfu thelathini na mbili, na kwamba mnunuzi yeyote mwingine atakayekwenda kukopa ataambiwa vilevile. Mzungu alisema hawezi kushuka. Mzee akamwambia anasikitika, akakaa barazani kwake mpaka alasiri akimsaidia kupigilia misumari kwenye masanduku. Ilipofika alasiri bei ilikuwa elfu thelathini na tatu. Tiketi ya meli ilikuwa imekwishalipiwa.

Chama kilitoa elfu kumi na sita, nusu ya thelathini na mbili, kwa kuwa thamani ndiyo iliyokuwa ndogo. Mzee alitakiwa kuleta kumi na saba. Alikuwa na nane. Tisa zilizobaki alizipata kwa kuuza fahali arobaini na tano, mia mbili kila mmoja, na siku walipopakiwa kwenye malori hakula chakula cha mchana. Mkadiriaji aliposikia alisema ndivyo inavyotakiwa iwe. Sikupeleka maneno hayo Samburu.

Kisha mzee aliwaita wajomba zangu kuzungumzia ndoa.

Kwetu na kwao mahari inaweza kulipwa sehemu sasa na sehemu ikabaki deni kwa mume. Wajomba zangu walipendekeza robo itangulie na robo tatu zibaki, kama alivyofanyiwa binamu yangu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Hapana," alisema. "Binamu yake ana duka la mawe Msambweni, ana mashua mbili. Huyu anashika utepe. Mshahara wake unatoka kwa Wazungu ambao wanaondoka. Kazi yake mama yake mwenyewe haipendi. Ni mkwe wa hatari. Mkwe wa namna hiyo sehemu inayotangulia huwa kubwa."

Mjomba wangu mkubwa aliuliza kubwa kiasi gani.

"Nusu," mzee alisema. Sura yake haikuonyesha kitu.

Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyekuwa na uhakika kama inaruhusiwa. Mimi nilikuwa nje, dirishani. Nilikuwa ninajua hesabu ile ni sahihi. Mshahara wangu kweli ulikuwa na hatari, na wala sikuwa na mashua.

Mwalimu ndiye aliyemaliza jambo hilo, kupitia kwa shangazi yake aliyeingia na ujumbe. Ujumbe ulisema mahari ni haki ya bibi harusi, si ya baba yake, na bibi harusi amekubali theluthi itangulie, kwa sababu ameikagua mali yeye mwenyewe. Mzee alisema kama mkopeshaji ameridhika, yeye ni nani. Tulioana kabla ya mfungo.

Krismasi ya kwanza vibanda vya Diani vilijaa. Mzee alinunua shati la kola na akawa analala kule, akiipa bahari mgongo. Krismasi ya pili vilijaa vibanda viwili. Mwezi wa nane uliofuata alikuja mgeni mmoja, daktari kutoka bara, akakaa wiki moja na kueleza kwa upole kwamba majirani zake wote wamekwishauza mashamba. Mvua za masika zilikuwa zimeshusha paa la kibanda kimoja. Bima ya makuti ilikuwa ghali, na chama kilitaka ilipwe kila mwaka bila kuchelewa, kwa hiyo mzee aliilipa kwa mbuzi.

Alipoanza kuchelewesha malipo ya mwezi, nilimwomba mkadiriaji ushauri. Alisema, "Auze yeye, kabla hatujauza sisi. Yeye akiuza ni nyumba. Sisi tukiuza ni mnada."

Nilimpelekea mzee maneno hayo. Safari hii sikutumia mfano wowote.

Alitafuta mnunuzi mwenyewe. Ilimchukua miezi. Mwishowe alimpata mfanyabiashara wa Mombasa aliyetaka kiwanja kuliko nyumba, naye akampa elfu ishirini na tatu. Deni, pamoja na riba iliyochelewa, lilikuwa kumi na tano. Tulikwenda pamoja ofisini siku ya kulipa. Mzee alihesabu fedha juu ya meza, mkadiriaji akazihesabu baada yake, meneja akatia sahihi, na hati ya rehani ikafutwa. Mzee alibaki na elfu nane.

Tulipotoka tulikaa kwenye mkahawa jirani. Aliagiza chai na mahamri, akawa anayakatakata bila kula.

"Chama kimepoteza nini?" aliniuliza.

"Hakuna, baba." Wakati huo nilikuwa ninamwita baba.

"Hata senti?"

"Hata senti."

"Na mimi niliweka kumi na saba, nimetoka na nane."

"Ndiyo. Mbali na ulizolipa kila mwezi."

Alinywa chai. "Kwa hiyo tisa zangu zile, fahali wote wale, ndizo zilizoanguka."

"Ndizo zilizoanguka."

"Wao wakiwa wamekaa juu yangu."

"Ndivyo mpango ulivyo, baba."

Nilifikiri ameumia, na alikuwa ameumia, maana aliweka kikombe akarudia kukatakata mahamri. Nilitaka kumwambia kwamba kama angepewa yale aliyoyataka, thelathini na mbili, leo angekuwa amemaliza nane zake, na bado angedaiwa saba au zaidi, na zizi lingekuwa tupu. Alinitangulia.

"Wangenipa nne kwa tano," alisema, "leo ningekuwa ninauza lori."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ninatakiwa niwashukuru."

"Hapana," nilisema. "Hawakufanya kwa ajili yako."

"Vizuri," alisema, "kwa sababu sina nia." Akala mahamri yote, na yangu.

Elfu nane zile alizirudisha kwenye ng'ombe. Mvua zilikuwa nzuri miaka miwili mfululizo, na zizi likajaa tena taratibu. Mimi niliendelea kushika utepe, baadaye nikaandika mwenyewe, na nilipokuwa ninaandika nusu au theluthi mbele ya jina la mtu, nilikuwa ninajitahidi kwenda kumweleza kwa mdomo kabla barua haijamfikia. Wengi walikasirika vilevile.

Yule mfanyabiashara wa Mombasa alibomoa nyumba, akapanga mawe kuzuia bahari, na miaka michache baadaye palisimama hoteli ya ghorofa, yenye bwawa la kuogelea hatua chache kutoka baharini. Watalii walikuja kwa ndege, si Wazungu wa mashamba tena. Kiwanja kile kilikuwa na thamani ambayo hakuna aliyetaka kuitaja mbele ya mzee, na yeye hakuiuliza. Tulipokuwa tukimpeleka Msambweni kumsalimia mama yangu, tulipita mbele ya lango lenye maua, na kila mara alikuwa akitazama upande wa pili wa barabara, kwenye mashamba ya mihogo. Mke wangu aliwahi kumuuliza kama panamtia uchungu. Alisema hapana, ni mwanga wa bahari tu, unamuumiza macho.